Yahya, Yohana na John: Jina Lipi kwa Hati Ipi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya. Enyi ndugu zetu wa pwani, wengi wenu husafiri bara kwa biashara na kwa kusomesha dini, na huko huombwa kuandika hati za nikaha. Basi sikilizeni mas'ala haya ya majina, kwani kwa kalamu moja mtu huweza kumnyima mjane haki yake.

Jueni kwamba Nabii aliyebashiriwa Zakariya, Kurani humwita Yahya, na katika Sura ya Maryam twaambiwa kuwa kabla yake hapakuwa aliyepewa jina hilo. Wakristo humwita Yohana Mbatizaji. Mtu ni mmoja, walakini majina hayatoki shina moja. Yahya kwa Kiarabu lina maana ya uhai. Yohana latokana na Kiebrania, na maana yake ni kuwa Mungu amerehemu. Waarabu Wakristo nao husema Yuhanna.

Kwa hiyo, katika tafsiri ya Kurani na katika hotuba, andikeni Yahya, A.S. Lakini mtajapo kitabu cha Wakristo, semeni Injili ya Yohana, wala msiseme Injili ya Yahya. Kwao Yohana aitwaye mwenye Injili hiyo ni mwana wa Zebedayo, si yule mwana wa Zakariya. Abadiliye jina hapo huwachanganya watu wawili, na kila Mkristo asomaye atajua kuwa mwandishi hakijui alichokitaja.

Twende sasa kwenye majina ya watu walio hai. Wilaya ya Ngara imepakana na Ruanda na Burundi, na Biharamulo ni jirani yake. Huko jina hili moja lina sura nyingi: Yohana kanisani, John katika karatasi za skuli, na Jean kwa waliosoma Kifaransa. Mwezi wa Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja, na wengi wao walikuwa na majina ya namna hiyo. Karani aliyezoea Kiingereza aonapo Jean hudhani ni mwanamke, kwani kwa Waingereza ndivyo lilivyo.

Tufanye mfano. Kijana wa Ngara alibatizwa Yohana, na baba yake ni Petro. Kitambulisho chake cha taifa chasema John Petro. Akasilimu Biharamulo, akaitwa Yahya, akaoa. Mwandishi wa nikaha akaandika: Yahya bin Abdallah. Baada ya miaka akafa. Shamba na akiba vimeandikwa John Petro. Mjane akaenda Mahakama ya Mwanzo kutaka msimamizi wa mirathi, na hati yake ya ndoa yamtaja mtu mwingine kabisa, jina lake na baba yake. Sasa yampasa kutafuta mashahidi na viapo, na ndugu wa mume wasiotaka arithi wana hoja mkononi.

Kosa la hati ile si Yahya, ni Abdallah. Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Sura ya Ahzab tuwanasibishe watu na baba zao, na kwa amri hiyo Zayd aliyekuwa akiitwa bin Muhammad alirejeshewa baba yake, Haritha. Wala ukafiri wa baba haufuti nasaba: Mtume wetu mwenyewe, S.A.W., katika nasaba yake yumo Abdi Manafi, na Manafi ni sanamu, wala jina hilo halikubadilishwa. Basi Petro na abaki Petro. Hata jina la kwanza, kusilimu hakumlazimishi mtu kulibadili, ila likiwa na maana mbaya. Na Yohana halina ubaya.

Akipenda Yahya, mwiteni Yahya msikitini na nyumbani. Lakini katika hati ya ndoa andikeni hivi: Yahya bin Petro, ambaye katika kitambulisho chake ni John Petro. Mtakeni kitambulisho kabla ya kuandika, mkakifuate herufi kwa herufi. Asiandikwe Yohana aliyeandikwa John. Cheti cha mtoto cha kuzaliwa kifuate jina la baba lililomo katika kitambulisho. Na atakaye kuwa Yahya katika karatasi zote, afanye kwanza hati ya kubadili jina, isajiliwe serikalini, kisha abadilishe kitambulisho. Ndipo hati nyingine zifuate.

Katika nikaha, sharti ni mume na mke wajulikane ni nani hasa. Ndoa ile ya Biharamulo ilisihi, kwani mume alikuwapo mbele ya mashahidi akaonekana kwa macho. Lakini mashahidi hufa, na karatasi hubaki. Basi iandikeni iseme yale waliyoyaona.

Wallahu aalamu. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.