Shikamoo Kwanza, Tarehe Palepale

Mkuu wa shule mwenye miaka 34 anaweza kumwongoza mwalimu wa miaka 58, aliyebakiza miaka 2 tu kufikia umri wa lazima wa kustaafu katika utumishi wa umma Tanzania, pamoja na mwalimu mpya wa miaka 24. Wote wawili wamechelewesha alama za mtihani. Kwa mzee, busara ni kuanza na shikamoo, kumfuata alipo badala ya kumwita kupitia mhudumu, na kuzungumza faraghani: “Mwalimu, alama za Kidato cha Pili bado sijazipata. Nazihitaji Ijumaa saa sita. Kuna kinachokwamisha?” Hatari hapa ni heshima kulimeza agizo. Mkuu huzunguka sana, mzee akaondoka akidhani amejuliwa hali tu. Kwa kijana hatari ni kinyume chake: “sawa, mkuu” yake huweza kuwa woga. Huyo aulizwe ataanzia wapi. Jibu lake litaonyesha kama ameelewa.

Wapo watakaosema huu ni upendeleo. Ungekuwa upendeleo kama mzee angepewa Jumatatu na kijana Ijumaa, au kama mmoja angeandikiwa barua na mwingine akasamehewa kosa lilelile. Wengine huhofu kwamba mkuu anayeamkia hupoteza mamlaka. Lakini mamlaka yake yamo katika cheo alichopewa, na mzee aliyefokewa mbele ya wanafunzi ndiye hasa atakayeanza kuyapinga, mara nyingi kimyakimya, kwa kuchelewa zaidi.