Samahani Yenye Mawe

Msikilizaji, mchele haupikwi bila kuchaguliwa. Unamwagwa kwenye ungo, unapepetwa, macho yanatafuta mawe. Ujumbe wa samahani baada ya ugomvi nao usomwe hivyo, polepole.

Mama mmoja aligombana na wifi yake kwenye kikao cha harusi. Wifi alisema mbele ya watu kwamba mama huyo amekula michango. Usiku simu ikalia: “Samahani kama umeumia. Sikuwa na nia mbaya, lakini nawe una hasira za haraka.”

Pepeta. “Kama umeumia” inayatilia shaka maumivu yenyewe. Kosa halikutajwa. Na baada ya “lakini,” aliyekosewa ndiye mwenye kesi.

Aaron Lazare, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani aliyeandika kitabu kuhusu kuomba radhi mwaka 2004, alitanguliza jambo moja: kukiri kosa waziwazi.

Asubuhi wifi akaandika tena. “Wifi, nilisema umekula michango. Si kweli, risiti nimeziona. Nimekuvunjia heshima. Leo nitalisahihisha kwenye grupu la kamati. Usipotaka kunijibu sasa, nitaelewa.”

Kosa limetajwa. Mkosaji hakujificha. Marekebisho yana siku yake. Na msamaha haukudaiwa papo hapo.

Ujumbe mfupi si kosa. “Nilikutukana, nisamehe” unafaa kuliko maelezo marefu ya kujitetea. Kwa hiyo leo, ukiandika samahani, isome kabla hujaituma. Ulichofanya kimetajwa humo?