Likizo ya Pepa Haiombwi Aprili

Mpwa wangu, umeniuliza kama mwajiri wako pale Geita anaweza kukunyima likizo ya kwenda kufanya pepa za CPA. Anaweza. Nimelijibu swali hili kwa vijana wa Kahama, wa Mwadui na wa hapa Shinyanga mjini, na karibu wote hunijia zikiwa zimebaki wiki mbili, wakati jibu halina tena msaada. Wewe angalau umekuja Februari. Basi tulia, tulitazame jambo lako polepole, maana mjomba wako hana tena pumzi ya kurudia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imetaja likizo ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi, ya baba aliyepata mtoto, na ile ya msiba au kuuguliwa na mtoto. Likizo ya mtihani haimo. Kuna Mkataba Namba 140 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1974, unaohusu likizo ya masomo yenye malipo, na Tanzania imeuridhia. Kuna kijana mmoja alinipungia mkataba huo kana kwamba ni hati ya kiwanja. Nilimwambia ausome: unaitaka nchi iwe na sera ya kuikuza likizo hiyo kwa kadiri ya hali yake. Haumpi karani wa mishahara siku hata moja ya kumpelekea bosi.

Mahali pengine pa kutazama ni makubaliano yenu wenyewe. Wanaofanya kazi kwenye migodi yenye chama cha wafanyakazi, TAMICO au NUMET, waufungue mkataba wa hali bora, kisha kitabu cha kanuni za utumishi cha kampuni, waone kama kuna siku za masomo. Zikiwepo, hizo ni haki na zinadaiwa. Lakini wewe hukuajiriwa na mgodi. Umeajiriwa na mkandarasi anayeuhudumia mgodi, na umeniambia hakuna chama wala kitabu, kuna barua ya ajira ya kurasa mbili. Kwa hiyo kilichobaki mkononi mwako ni likizo ya mwaka tu.

Likizo hiyo ni siku zisizopungua 28, na vijana wengi huzihesabu vibaya. Ni siku mfululizo za kalenda. Jumapili imo, Muungano imo, Mei Mosi imo. Anayedhani siku 14 za likizo ni wiki tatu za kazi atarudi ofisini akute amewekewa utoro. Pia ujue kwamba mwajiri ndiye mwenye neno la mwisho juu ya lini uende, mradi siku hizo zisipite miezi sita baada ya mzunguko wako wa likizo kuisha, au miezi kumi na miwili ikiwa wewe umekubali na kazi kweli inadai hivyo. Wewe unaomba tarehe, yeye anaamua. Ndiyo maana barua ya Februari inasikilizwa na ya Aprili inakera.

Lete hiyo karatasi ya utumishi tuisome. Wameandika ulichukua siku 7 Desemba. Sawa, ulikuja nyumbani Krismasi, tulikuona. Halafu wameandika siku 4 za Januari, "likizo binafsi", umebakiwa na 17. Hizo nne si ulikuja Kishapu kumzika bibi yako, mama yangu? Basi wamekosea. Kifo cha bibi au babu kimo kwenye likizo ya msiba, siku nne zenye malipo katika mzunguko, na mwajiri haruhusiwi kukulipisha msiba kwa siku za likizo ya mwaka. Kama ungekuwa umeomba ruhusa ya shughuli zako, ya harusi ya rafiki au kufuatilia kiwanja, angekuwa na haki ya kuzipunguza humo. Msiba wa bibi, hapana. Mwandikie afisa utumishi kwa adabu, ambatisha nakala ya kibali cha mazishi au cheti cha kifo, uombe zirudishwe. Zikirudi unazo 21. Kwa mtu mwenye pepa, siku nne ni mali.

Sasa tuzipange. Tuchukue kwamba ratiba ya Bodi imeweka pepa zako kati ya Jumanne tarehe 5 na Ijumaa tarehe 8 Mei, na kituo ulichochagua ni Mwanza. Najua unataka kuzimaliza zote 21 kwa mkupuo. Usifanye hivyo. Omba 14: kuanzia Jumamosi tarehe 25 Aprili mpaka Ijumaa tarehe 8 Mei. Utapata siku kumi kamili kabla ya pepa ya kwanza, nazo ni za kurudia maswali ya mitihani iliyopita kwa saa, ukijifungia saa tatu kama chumba cha mtihani kinavyotaka. Si za kuanza kusoma viwango vya taarifa za fedha. Kama mpaka tarehe 25 hujui kuunganisha hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu, wiki moja zaidi haitakusaidia. Hiyo ilikuwa kazi ya usiku wa Februari na Machi. Jumatatu tarehe 4 uwe tayari Mwanza. Siku hizi daraja la Kigongo-Busisi linapitika, limefunguliwa Juni 2025, huna tena foleni ya kivuko ya kukutia jasho. Hata hivyo usisafiri asubuhi ya mtihani. Basi huharibika hata penye daraja.

Wenye kazi za rosta, wanaoingia mgodini wiki kadhaa na kutoka wiki moja, wana hesabu yao tofauti. Siku za kutoka si likizo. Wao waombe kwanza kubadilishana zamu na mwenzao ili siku zao za kutoka ziangukie kabla ya mtihani, ndipo waongeze likizo kidogo juu yake. Meneja wa zamu huona hilo jepesi zaidi, kwa sababu watu wake hawapungui.

Tatizo lako wewe liko kwenye kalenda. Pepa za Bodi huja Mei na Novemba, mwanzoni mwa mwezi, na mwanzoni mwa mwezi ndipo mhasibu anapofunga hesabu za mwezi uliopita. Kodi ya mishahara ya Aprili, PAYE, pamoja na tozo ya ufundi stadi, zinatakiwa TRA ifikapo tarehe 7 Mei. Tarehe 7 wewe uko kwenye chumba cha mtihani Mwanza, simu imezimwa. Bosi wako hana haja ya kukuchukia ili akunyime likizo. Anaiona riba na adhabu ya kuchelewa, basi. Ukimpelekea barua inayosema tu kwamba unaomba likizo kwa ajili ya mtihani, umemwachia yeye atafute nani atawasilisha ritani. Hatatafuta. Atasema subiri Novemba, na Novemba nayo ni vilevile.

Kwa hiyo barua yako ieleze tarehe ya kuondoka na ya kurudi, iambatane na uthibitisho wa usajili wako wa mtihani na ratiba ikishatoka, halafu aya inayofuata iwe juu ya kazi yako na si juu yako. Sema kwamba mabadiliko ya mishahara ya Aprili, walioingia, waliotoka, saa za ziada, yatapokelewa mwisho tarehe 20. Orodha ya malipo itapitishwa tarehe 22. Mishahara italipwa Ijumaa tarehe 24, kabla hujaondoka. Ritani ya PAYE utaiandaa na kuikagua siku hiyohiyo, na mwenzako fulani ataiwasilisha na kutoa namba ya malipo, si baada ya tarehe 5. Mtaje kwa jina, na awe amekubali kwanza, kwa maandishi.

Hapo kwenye kuwasilisha nisikilize vizuri. Usimwachie mwenzako nywila yako. Najua ndivyo mnavyofanya, nimeona imeandikwa kwenye kipande cha karatasi chini ya kibodi. Siku makosa yakitokea, mfumo utaonyesha ni wewe uliyewasilisha, na wewe ulikuwa Mwanza unajibu maswali ya ukaguzi. Omba kampuni impe mwenzako ruhusa yake mwenyewe kwenye mfumo. Inachukua muda, ndiyo sababu nyingine ya kuanza sasa.

Bosi akikubali kwa mdomo, mshukuru, kisha urudi na fomu aitie sahihi. Mameneja wa makandarasi huhamishwa kila baada ya muda mfupi, na anayekuja hajui ahadi za aliyeondoka. Ukishaondoka, sheria inamkataza mwajiri kukufanyisha kazi ukiwa likizoni. Lakini mimi sikushauri ukamsomee kifungu. Mwambie utapokea simu saa moja jioni, kwa jambo la mishahara tu, mpaka tarehe 4. Watu wanaojua saa ya kukupata hawakupigii saa nane mchana.

Akikataa kabisa, usinijie na ile hila ya karatasi ya daktari. Likizo ya ugonjwa inahitaji cheti cha tabibu aliyesajiliwa, na jina lako litakuwa kwenye orodha ya mahudhurio ya mtihani siku hizohizo. Huo ni udanganyifu, na udanganyifu mkubwa unatosha kumfukuzisha mtu kwa kosa la kwanza. Sasa fikiria mtu anafukuzwa kwa kudanganya huku anatafuta cheti cha Bodi ambayo inatazama maadili yake. Kutoroka nako ni vilevile: miongozo ya nidhamu inautaja utoro wa zaidi ya siku tano za kazi kuwa kosa la kufukuzisha, na wiki ya mtihani ukijumlisha safari inakusogeza hapohapo. Akikataa, muulize kwa maandishi ni siku zipi anaweza kuziachia. Mara nyingi atakupa siku za pepa zenyewe na moja ya safari. Chukua hizo, uende.

Zile 7 nilizokuzuia kuzitumia, ni za Novemba. Uliajiriwa tarehe 1 Septemba, kwa hiyo mzunguko wako unaisha 31 Agosti. Siku ulizobakiza zinaweza kuchukuliwa mpaka mwisho wa Februari inayofuata, yaani Novemba bado ni zako. Na mzunguko mpya utakuwa umeanza, ingawa miezi miwili haijakupa siku nyingi, na bosi anaweza kukuambia hujazifanyia kazi bado. Saba za zamani hawezi kukuambia hivyo. Ukifeli pepa moja Mei, Mungu apishe mbali, unazo. Ukifaulu zote, utazipangia jambo jingine. Ziandike kwenye barua hiyohiyo ya sasa, kwamba siku 7 zilizosalia unaomba zihifadhiwe mpaka Novemba.

Andika leo, uniletee niisome kabla hujapanda gari la Geita. Na barua ya zile siku nne iandike kwanza.