Shahidi Asiyeulizwa

Nilitia sahihi waraka kwa kampuni moja itengenezayo mashine ya kupambanua maandishi ya mtu na yale ya akili mnemba. Mimi nakaa Kibaha. Insha iliyotiwa doa ilihusu msitu wa Kazimzumbwi wilayani Kisarawe, nami niliitunga kwa Kiingereza baada ya siku nyingi za kutembea huko, daftari mkononi. Mara tatu mashine ilinena kuwa kazi si yangu. Nilipokata sentensi zangu na kuvuruga mpangilio wake, iliniachilia. Hapo niliona haya, maana nilikuwa nimeiharibu kweli yangu ili nisadikiwe.

Katika waraka sikuomba huruma. Niliuliza kipimo chao hupima nini. Mashine hiyo haimjui mwandishi. Hukisia neno lifuatalo, na kadiri makisio yake yafaulivyo, ndivyo idhanivyo kuwa maneno yametoka katika mashine nyingine. Lakini mtu aliyejifunza Kiingereza darasani huchagua neno lililo salama na muundo aliofundishwa. Usahihi wake ndio umponzao. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitisha insha 91 za wageni wa Kiingereza, zilizoandikwa kwa mtihani wa TOEFL, katika mashine 7. Kwa wastani zaidi ya nusu zilihukumiwa kimakosa, hali insha za watoto wa shule wa Marekani zilipita karibu zote salama. Mwaka huohuo kampuni ya OpenAI iliondoa kipambanuzi chake yenyewe kwa sababu ya udhaifu wa usahihi wake.

Kampuni niliyoiandikia hujigamba kuwa hukosea mara 1 tu katika 100. Na tukubali. Chukua wanafunzi 500, ambao 20 kati yao wamedanganya. Wakweli ni 480, na kosa hilo dogo litawanasa wapatao 5. Ikiwa mashine itawakamata wadanganyifu 15, washtakiwa wote ni 20, na katika kila wanne mmoja hana hatia. Kosa likifika 10 katika 100, wakweli watakaoshtakiwa ni 48, nao watawazidi wadanganyifu mara tatu na zaidi. Ni kadhi gani angekubali shahidi wa namna hiyo, tena asiyeweza kuulizwa swali?

Niliambatisha rasimu nne zenye tarehe na picha za kurasa za daftari. Najua kuwa rasimu nazo huweza kughushiwa. Lakini mwenye rasimu huweza kuhojiwa kwa nini alifuta neno hili akaweka lile, na mwongo hukwama upesi. Nililoomba lilikuwa dogo: taarifa yao iseme maandishi “yanafanana na” ya mashine, isiseme “yametungwa na” mashine, wala isitolewe bila kutaja kiwango cha kosa kwa waandishi wa lugha ya pili.

Jibu lilifika baada ya majuma mawili, mistari mitatu. Walinishukuru, wakanishauri niandike kwa namna ya asili zaidi.