WAZO LA LEO: Kichwa kinachokonyeza

Katika swali la kuoanisha vichwa na aya kwenye mtihani wa IELTS, vichwa huwa vingi kuliko aya. Vile vya ziada ndivyo mitego, na mtego mkali kuliko yote ni kichwa kinachorudia neno lililomo ndani ya aya.

Chukua aya inayoanza na kimbunga cha mwaka 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja. Sentensi zinazofuata zinasema Pemba haikuumia sana, mashamba yake yakazidi kuzaa, na baadaye ikaipita Unguja kwa karafuu. Vichwa vilivyopo ni hivi: “Uharibifu wa kimbunga”, “Historia ya karafuu Zanzibar” na “Kisiwa kimoja chachukua nafasi ya kingine”.

Cha kwanza kinavutia kwa sababu neno kimbunga limo, tena mwanzoni. Lakini kifunike kwa kidole kile kimbunga, usome kilichobaki: aya bado inasimama, maana inaisimulia Pemba. Kimbunga ni sababu tu. Cha pili si uongo, ila ni kipana mno. Kingeweza kubeba makala nzima. Cha tatu hakitaji karafuu wala Pemba, na ndicho jibu.

Kwa hiyo soma aya kabla ya vichwa, uandike pembeni maneno matatu yako mwenyewe (hapa, “Pemba yaipita Unguja”), ndipo utafute kichwa kinachofanana nayo. Ukibaki na viwili, usikwame hapo. Aya nyingine mara nyingi itakunyang’anya kimoja.