Barua kwa Mama wa Nagano

Mpwa wangu alikaa mwezi mzima na familia moja mkoani Nagano, Japani, akarudi Dar es Salaam mwishoni mwa Agosti. Kwa kuwa mimi nilisoma huko zamani, aliniletea barua aliyotaka kuwatumia wenyeji wake. "Mjomba, hebu nitazamie kama iko sawa." Mwandiko mzuri, karatasi safi, ila mstari wa kwanza ulisema *osewa o shimashita*. Maana yake: mimi ndiye niliyewatunza ninyi.

Nilicheka, lakini mama wa nyumba ile angeshangaa. Ndiye aliyeamka alfajiri kumfungia bento, na jioni mgeni ndiye aliyepewa nafasi ya kwanza kuingia kwenye maji ya moto, wenye nyumba wakafuata. Sentensi sahihi ni *osewa ni narimashita*. *Sewa* ni matunzo, yaani kule kumhangaikia mtu, na ile *o* ya mbele ni ya heshima. *Shimashita* ni "nilifanya", kwa hiyo ukiitumia unajitwalia kazi ya mwenzako. *Ni narimashita* inakuweka upande wa aliyepokea: niliishi juu ya mgongo wenu, nikalelewa.

Wakati wa kitenzi nao una kazi yake. Ukiandika kabla ya kusafiri, useme *osewa ni narimasu*, kwa maana mzigo wangu unakuja kwenu. Ungali nyumbani kwao, ni *osewa ni natte imasu*. *Narimashita* ni ya jambo lililokwisha, hutamkwa mlangoni siku ya kuaga na huandikwa baada ya kufika kwako. Basi ndiyo hiyo hiyo anayoitumia mfanyakazi anayeacha kazi, akitanguliza *nagai aida*, yaani "kwa muda mrefu", ndipo akabidhi funguo. Barua inayoishia hapo inaweza kusikika kama mlango unaofungwa, na mpwa wangu hakutaka kuufunga.

Tukaipanga upya. Wajapani, kama wazee wetu wa "baada ya salamu", hawakimbilii shida. Huanza na majira, na kwa kuwa ilikuwa bado Agosti tuliandika *Mada atsui hi ga tsuzuite imasu ga, minasama ogenki desu ka*: joto bado linaendelea, je, nyote hamjambo? Kuna ufunguzi rasmi zaidi, *haikei*, ambao ukiutumia lazima barua ifungwe kwa *keigu*. Tuliuacha. Kwa mama aliyekupikia mwezi mzima, naona unafanya barua ifanane na ya ofisini.

Ikafuata habari ya kufika salama, *Okagesama de, buji ni Tanzania ni kaerimashita*. *Okagesama de* inawahesabia wao sehemu ya usalama huo. Kisha shukrani yenyewe: *Homusutei no aida, taihen osewa ni narimashita. Hontou ni arigatou gozaimashita.* Sentensi ya pili isiachwe, kwani *osewa* inakiri wema uliotendewa na *arigatou* ndiyo inayotamka shukrani.

Hapo nikamwambia aeleze jambo moja tu, kwa kirefu. Alikuwa ameorodhesha milima, hekalu, treni na chakula, orodha ambayo mtalii yeyote angeweza kuiandika. Akachagua bento. Akaandika kwamba siku moja alimwambia mama kuwa anapenda yai la kukunja, na tangu hapo halikukosekana. Sentensi hiyo imetoka kwenye meza ya mama yule, na msomaji wake atajua hivyo.

Mwishoni tukauacha mlango wazi kwa *Korekara mo yoroshiku onegai shimasu*, ombi la kuendelea kuwa na uhusiano mwema, na dua ya afya njema kwa wote. Juu ya bahasha jina la ukoo wao likafuatwa na *sama* ya heshima. Jina lake mwenyewe aliliandika kavu, maana mtu hajipi *san* wala *sama*.

Kuna neno jingine, *osewasama deshita*, ambalo wageni wengi hulidaka na kuliona kuwa ni la heshima zaidi kwa sababu ya ile *sama*. Kwa mtu aliyekuzidi umri au cheo halifai, linasikika la juu juu. Mwenye nyumba aliyekulea apewe *osewa ni narimashita*.

Na usingoje. Siku ya kufika tuma ujumbe mfupi wa simu kwamba umefika, kisha barua ya mkono iende posta wiki hiyo hiyo. Ikichelewa, mstari wa shukrani utanguliwe na ombi la radhi: *Orei ga osoku nari, moushiwake arimasen*.