Mwalimu, Kesho Ingia Darasani Ukihesabu

Muulize mwalimu yeyote kati ya Maua na Siakago kama anawafunza wasichana na wavulana kwa usawa. Atakujibu ndiyo, na atajibu kwa moyo safi. Shida ni kwamba hajui. Mwalimu aliyeshika chaki, anayetazama saa, anayetuliza kelele za deski la nyuma na kufikiria mfano wa kutoa baadaye, hana nafasi kichwani ya kukumbuka ni nani alijibu swali la nne. Anakumbuka kwamba somo lilichangamka. Waliolichangamsha wakiwa wale wale sita wa kila siku, kumbukumbu yake haitamwambia.

Ndiyo maana nakuomba, mwalimu mwenzangu wa Meru na Embu, utafute mwalimu mmoja unayemwamini, umpe karatasi tupu na kalamu, umkaribishe akae nyuma ya darasa lako dakika arobaini. Wiki inayofuata wewe ukae nyuma ya darasa lake. Msingoje semina. Msingoje afisa wa mtaala afike na pikipiki yake.

Orodha hakiki ya kazi hii ipo tayari. Shirika la FAWE, lililoanzishwa mwaka 1992 na lenye makao makuu Nairobi, lilitoa mwaka 2005 kitabu cha mwongozo kwa walimu kuhusu ufundishaji unaozingatia jinsia. Mmoja wa walioandika ni Penina Mlama wa Tanzania, yule yule tunayemjua kwa tamthilia zake za Kiswahili. Mambo ya kutazama ndani ya somo unaweza kuyakusanya katika manne: mpangilio wa viti, maswali, ugawaji wa kazi, na lugha. Tatizo huanza pale manne hayo yanapogeuzwa fomu ya visanduku: “Je, mwalimu anawashirikisha wanafunzi wa jinsia zote? Ndiyo au La.” Mtazamaji anamwona msichana mmoja akijibu, anatia alama kwenye Ndiyo, wote wanakwenda kunywa chai. Kisanduku hicho hakijawahi kubadilisha darasa. Kitupe. Weka hesabu mahali pake.

Anza na ramani. Kabla ya somo, mtazamaji achore madeski yote jinsi yalivyo, na kwenye kila nafasi aandike W kwa msichana au V kwa mvulana. Akimaliza tu kuchora, tayari ataona mambo: deski lipi limebanwa na watatu huku jingine lina wawili, nani yuko mbali na ubao, nani amekaa kando ya mlango. Kisha, kila baada ya dakika tano, atie nukta pale mwalimu aliposimama. Mwisho wa somo aunganishe nukta hizo. Mara nyingi mstari unazunguka pembetatu ndogo kati ya meza, ubao na deski za mbele za upande mmoja, na darasa zima lililobaki halijakaribiwa hata mara moja. Katika maabara, tazama pia stuli. Msichana mwenye sketi akipandishwa kwenye stuli ndefu hutumia nusu ya somo kuishikilia sketi yake, na mkono ulioshika sketi haushiki chombo. Na msichana anayehamia nyuma siku fulani za mwezi, akakataa kusimama kujibu, usimwandike mvivu. Muulize mwalimu wa kike anayewasimamia kama pedi zimefika shuleni.

Kwenye maswali ndiko ramani inapopata uhai wake. Kila swali linapomwendea mwanafunzi mmoja, mtazamaji anaweka herufi kwenye nafasi yake: K kama ni la kukumbuka tu, F kama linamtaka afikiri, aeleze sababu, alinganishe au atabiri. Majibu ya darasa zima kwa pamoja yanawekwa pembeni, kwa sababu yale hayamhusu mtu. Kelele ya “ndiyo mwalimu!” huficha waliolala na waliopotea.

Tuchukue darasa la mfano. Gredi ya saba, Sayansi Jumuishi, somo la kutenganisha michanganyiko. Wanafunzi 44, wasichana 24 na wavulana 20. Mwalimu amewauliza wanafunzi mmoja mmoja maswali 30. Mtazamaji anahesabu alama: wavulana 21, wasichana 9. Kwa idadi yao darasani, wasichana wangepata kama 16. Angalia tena herufi. Maswali ya F yalikuwa 10 kwa jumla, na 9 yaliwaendea wavulana. Msichana aliulizwa mchujo ni nini. Mvulana aliulizwa kwa nini chumvi iliyoyeyuka haichujiki. Huyo wa kwanza amekariri, huyo wa pili amefanya sayansi.

Lakini usiifunge karatasi hapo, kwa sababu ramani ina neno jingine, na ndilo linalonifanya niipende njia hii kuliko nyingine zote. Yale maswali 21 ya wavulana yalitua kwa wavulana sita tu. Yale 9 ya wasichana, kwa wasichana wanne. Wanafunzi 34 hawakuulizwa lolote, na kati yao 14 ni wavulana. Hesabu ya jumla peke yake ingesema wavulana wanapendelewa, na mwalimu angekasirika kwa haki, maana anao wavulana wanaomsinzilia kila siku. Ramani inamwonyesha ukweli wote kwa pamoja: wasichana wamepunjwa, na wavulana kumi na wanne wamekaa kwenye kivuli cha wenzao sita wanaopaza sauti. Katika sehemu za Igembe na Mbeere huwezi kumsahau mvulana huyo. Siku za kuchuma miraa au muguka anaweza asije kabisa, na anaporudi hukaa kimya ili isijulikane alichokosa. Kwa hiyo mtazamaji aandike pia wasiokuwepo, W wangapi, V wangapi, na ni siku gani ya wiki.

Sasa dawa yake, na ni ya bei ya vijiti. Kwanza, mwalimu amezoea kumchagua anayewahi. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza swali. Wakivumilia sekunde tatu au zaidi, majibu hurefuka na wanaojitolea kujibu huongezeka. Sekunde tatu mbele ya darasa kimya ni ndefu ajabu, utahisi umeshindwa kazi. Vumilia. Pili, wape wanafunzi dakika moja wajadiliane wawili wawili kabla mkono wowote haujapanda. Msichana aliyekwisha kulisema jibu lake kwa jirani hana hofu ya kulisema kwa darasa. Tatu, andika majina ya wote kwenye vijiti, viweke kwenye mkebe, na swali la F litoke kwa kijiti. Uliza kwanza, subiri, ndipo uchomoe. Ukichomoa kabla ya kuuliza, wengine 43 wamekwenda likizo.

Kazi hugawanywa kwa mazoea, na mazoea hujificha kwenye vikundi. Katika somo lile lile la mchanganyiko, mtazamaji achague vikundi viwili tu na aandike kila baada ya dakika tano: nani ameshika bika, nani anamimina, nani anaandika matokeo, nani anatazama, nani anaosha vyombo mwishoni. Utakuta msichana ana daftari na mwandiko mzuri, na hajagusa chujio. Akifika mtihani wa vitendo, anaulizwa ustadi wa mikono ambao daftari halikumpa. Majukumu yaandikwe kwenye kadi, na kadi zizunguke katikati ya somo, si mwisho wa muhula. Vivyo hivyo kwa ufagio, maji na kufyeka nyasi. Tazama hasa mwezi wa Januari, wavulana wanaporudi kutoka jandoni. Baadhi yao huambiwa nyumbani kwamba ufagio si wao tena, na wengine hujaribu kumpima mwalimu wa kike kama wanalazimika kumtii. Orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani siku ya kwanza, imetiwa saini na mwalimu mkuu, itamaliza ubishi huo kabla haujaanza.

Lugha haihesabiki kwa alama. Mtazamaji aandike maneno yenyewe, neno kwa neno, bila kuyatafsiri wala kuyapamba, hata kama yamesemwa kwa Kimeru au Kiembu. “Hata wasichana wameweza!” “Unalia kama msichana?” “Wewe mwanaume mzima unashindwa na hesabu hii?” Mwalimu akijisomea hayo asubuhi inayofuata, mara nyingi hahitaji mahubiri. Tazama pia sifa: mvulana anaambiwa ana akili, msichana anaambiwa daftari lake ni safi. Na kicheko. Msichana akikosea na wavulana wakacheka, mwalimu alifanya nini? Katika eneo letu jambo hili lina uzito wake. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, wasichana 19 walikufa katika shule ya mseto ya St. Kizito, Meru, baada ya wavulana wa shule yao wenyewe kuvamia bweni lao. Sisemi kicheko cha darasani ndicho kilichofanya hayo. Nasema mwalimu wa Meru asikubali hata siku moja udhalilishaji wa msichana uitwe utani wa vijana.

Kuna mipaka, na uijue mapema. Somo moja halitoshi kumhukumu mtu: tazama masomo matatu, ya siku tofauti, na ikiwezekana moja liwe mchana, darasa linapochoka. Mwalimu anayetazamwa hujirekebisha, kwa hiyo somo la kwanza litapendeza kuliko kawaida. Mtazamaji mmoja hawezi kushika yote manne. Somo la kwanza achukue viti na maswali, la pili kazi na lugha. Na karatasi hii isiingizwe kabisa kwenye alama za TPAD. Siku mwalimu atakapojua kwamba hesabu hii inakwenda TSC, ataandaa wasichana wanne wa kujibu na ramani itasema uongo.

Mkimaliza, kaeni siku hiyo hiyo. Mtazamaji asitoe maoni kwanza. Aiweke ramani mezani, mwenye darasa aisome mwenyewe na aseme anachokiona. Achague jambo moja la kubadilisha, moja tu, kwa wiki tatu, kisha mwenzake arudi na karatasi mpya. Hapo angalieni vizuri: alama za wasichana zikipanda kutoka 9 hadi 15 huku F zikibaki upande ule ule, bado amewagawia makapi. Hesabuni F. Hesabuni waliokaa bila alama, W na V. Kama mwanzo walikuwa 34, mtarudi mara ngapi hadi wafike kumi? Pangeni tarehe leo, kabla kengele ya kwenda nyumbani haijalia.